Pesa imeingia, lakini ni ya ankara zipi?

"Habari za kazi, dada. Tumeona milioni nane na ushei imeingia jana kutoka kwenu. Ni ya ankara zipi?"

Kila anayekaa dawati la malipo anaijua simu hii. Muuzaji hadai, pesa ameiona. Anachotafuta ni namna ya kuigawa kwenye leja yake. Asipopata jibu siku hiyo, ataigawa kwa kukisia, na kisio lake litarudi kwako mwezi ujao likiwa stetimenti inayokudai pesa uliyokwisha lipa. Dawa ya simu hii ni karatasi moja, taarifa ya malipo, ambayo wahasibu wengi huiita rimitansi. Huorodhesha ankara zilizolipwa, makato yaliyofanyika na kumbukumbu ya muamala uliopeleka pesa. Ofisi nyingi huituma, ila huituma ikiwa na mapengo, na simu ileile hupigwa pale pale penye pengo.

Tuchukue malipo ya kawaida kabisa ya Dar es Salaam. Kampuni binafsi ya malori inanunua vipuri kwa muuzaji ambaye pia ana gereji. Mwezi Machi 2026 muuzaji ameleta ankara nne. INV-0412 ni vipuri vya shilingi 2,360,000. INV-0427 ni vipuri vya 4,130,000. INV-0431 ni kazi ya gereji, 1,416,000. INV-0440 ni boksi nne za pedi za breki, jumla 1,770,000. Ankara zote zina VAT ya asilimia 18 ndani yake. Ukijumlisha unapata 9,676,000.

Kampuni hailipi 9,676,000. Inalipa 8,878,500. Tofauti ni 797,500, na ndani yake mna mambo matatu yasiyohusiana kabisa.

La kwanza ni krediti noti. Sehemu ya vipuri vya INV-0412 ilirudishwa kwa kuwa haikuoana na modeli ya lori, na muuzaji mwenyewe akatoa CN-018 ya 295,000, yaani 250,000 na VAT ya 45,000.

La pili ni kodi ya zuio. Kazi ya gereji ni huduma, na kampuni inapomlipa mkazi wa Tanzania ada ya huduma inatakiwa kuzuia asilimia 5 na kuipeleka TRA. Hesabu hufanywa kwenye thamani kabla ya VAT. Ankara ya 1,416,000 ina thamani ya 1,200,000 na VAT ya 216,000, kwa hiyo zuio ni 60,000. Vipuri havikatwi hapa, kwa sababu zuio la bidhaa la asilimia 2 humhusu anayeiuzia serikali na taasisi zake, na mnunuzi wetu ni kampuni binafsi.

La tatu ni mgogoro. Boksi za pedi zilizofika ni tatu, na hati ya kupokelea mzigo imesainiwa tatu. Boksi moja ni 375,000 na VAT ya 67,500, jumla 442,500. Hiyo imeshikiliwa mpaka boksi lije au muuzaji atoe krediti noti nyingine.

Jumlisha 295,000 na 60,000 na 442,500, unapata 797,500. Kwa aliyeandaa vocha hesabu imefunga. Sasa hamia upande wa pili wa meza. Mhasibu wa muuzaji anachokiona kwenye akaunti yake ya benki ni mstari mmoja, 8,878,500, na jina la kampuni. Hakuna ankara ya kiasi hicho, wala ankara mbili au tatu zinazojumlika kufika hapo. Anafanya ambalo mifumo mingi ya hesabu humfanyia yenyewe: anaanza na ankara ya zamani kuliko zote na kushuka. INV-0412 inafungwa. INV-0427 inafungwa. Zimebaki 2,388,500. INV-0431 inafungwa kwa 1,416,000 kamili, ingawa wewe hukumlipa kamili. Zinazobaki, 972,500, zinaenda INV-0440, na ankara hiyo inabaki na deni la 797,500.

Angalia kilichotokea. Jumla haijakosewa hata shilingi moja, lakini maana yote imepotea. Kodi imejificha ndani ya ankara ya pedi. Krediti noti inaelea peke yake kwenye leja, haijagusa ankara yoyote. Mwezi Juni mtu atakupigia akidai 797,500 za pedi za breki, na wewe utamjibu kwamba ubishi wa pedi ni 442,500 tu, na wote wawili mtakuwa mnasoma vitabu vyenu kwa usahihi. Wakati huo huo INV-0440 inazeeka. Ikipita siku za mkopo mlizokubaliana, mfumo wake unaweza kuizuia oda yako mpya, na lori linasimama gereji kwa sababu ya 60,000 iliyoko TRA.

Ndiyo maana taarifa ya malipo lazima iseme kila ankara kwa mstari wake, na kila punguzo likae kwenye ankara lililoipunguza. Kwa malipo yetu ingeonekana hivi:

```
TAARIFA YA MALIPO             Vocha: PV-1187
Pesa ilipotoka: 14/04/2026    Njia: TISS
Kumbukumbu ya benki: FT26104K7Q2P
Akaunti iliyopokea: inayoishia 4471

Hati      Tarehe      Kiasi     Makato   Kilicholipwa
INV-0412  03/03   2,360,000          0      2,360,000
CN-018    09/03    -295,000          0       -295,000
INV-0427  12/03   4,130,000          0      4,130,000
INV-0431  18/03   1,416,000     60,000      1,356,000
INV-0440  27/03   1,770,000    442,500      1,327,500
JUMLA             9,381,000    502,500      8,878,500

INV-0431: kodi ya zuio 5% ya 1,200,000
INV-0440: boksi 1 halijafika, limeshikiliwa
CN-018: inapunguza INV-0412
```

Safu ya mwisho lazima ijumlike kuwa kiasi kilekile kilichoingia benki, mpaka shilingi ya mwisho. Huo ndio mtihani wa kwanza kabla ya kutuma. Usipoufanya wewe, mhasibu wa upande wa pili ataufanya, na jumla ikipishana hata kwa shilingi mia ataiweka taarifa yote pembeni na kurudi kwenye mtindo wa ankara ya zamani kwanza.

Krediti noti iandikwe kama mstari wake wenye alama ya kutoa. Wapo wanaopenda kuipunguza kimyakimya, wanaandika INV-0412 ililipwa 2,065,000. Hesabu ni sahihi, lakini muuzaji anaona ankara yake imelipwa pungufu na krediti noti yake haijatumika. Anaweza kukudai 295,000, na baadaye wewe, ukiwa umesahau, unaweza kuitumia CN-018 ile ile kwenye malipo mengine. Krediti noti iliyotumika mara mbili ni kosa baya zaidi ya yote kwenye orodha hii, kwa sababu mara nyingi mfumo haupigi kelele. Hugunduliwa siku ya ukaguzi, na wakati huo sura yake inafanana na wizi.

Makosa ya kodi ya zuio nayo yana sura inayotambulika. Ukikuta makato ya 70,800 kwenye ankara kama INV-0431, mtu amekata asilimia 5 ya 1,416,000, yaani amekata kodi juu ya VAT. Amemnyima muuzaji 10,800 zake. Andika hesabu yenyewe kwenye taarifa, "5% ya 1,200,000", usiishie kwenye "zuio 60,000". Muuzaji akiona msingi wa hesabu atagundua kosa siku hiyo hiyo, kabla pesa haijafika TRA. Baada ya hapo kuirudisha ni safari ndefu. Kodi iliyozuiwa Aprili hupelekwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, kwa hiyo dirisha la kusahihisha bila usumbufu lipo, ila ni fupi.

Na zuio haliishii kwenye taarifa. Muuzaji anahitaji cheti cha kodi ya zuio ili 60,000 hiyo ihesabike kama kodi aliyokwisha lipa. Mpaka akipate, kwenye vitabu vyake hilo ni deni lako. Tumeona inasaidia sana kuandika mstari mmoja chini ya taarifa: cheti kitatumwa baada ya kodi kulipwa Mei. Kisha cheti kikitoka, kitumwe kwa mtu yule yule aliyepokea taarifa, kikitaja PV-1187 na INV-0431. Cheti kinachokuja bila namba ya ankara kinageuka kitendawili kingine. Kwa wanaofanya biashara Kenya taarifa inaongezeka safu: mnunuzi aliyeteuliwa na KRA kuwa wakala huzuia pia VAT ya asilimia 2 ya thamani inayotozwa kodi, mbali na zuio la mapato pale linapohusika. Hayo yakae kwenye safu mbili tofauti, kwa kuwa vyeti vyake ni viwili na mhasibu wa muuzaji anavidai sehemu mbili.

Sasa kuhusu namba za ankara zenyewe. Namba inayotakiwa ni ya muuzaji, kama alivyoiandika kwenye ankara yake, sifuri za mbele zikiwemo. Mifumo ya mnunuzi huwa na namba yake ya ndani, ile inayojizalisha ankara inapoingizwa, na mfumo usipopangwa vizuri ndiyo unayoichapisha kwenye taarifa. Muuzaji akipokea orodha ya namba kama 5100023318 hana pa kuzitafuta. Kosa jingine, la kwetu hasa, ni kuingiza namba ya risiti ya EFD mahali pa namba ya ankara. Mzigo hufika na karatasi mbili zimepigwa pini pamoja, ankara na risiti ya EFD, na karani anachukua namba iliyo wazi zaidi. Risiti ya EFD ina namba yake na namba ya uhakiki, na muuzaji anaweza kuitafuta, lakini leja yake ya wadaiwa haikupangwa kwa namba hizo. Kosa hili linatambulika mapema: ukikuta kwenye orodha namba moja haifanani umbo na nyingine za muuzaji yule yule, rudi kwenye faili uiangalie karatasi.

Tarehe ya ankara watu huiona ni urembo. Siyo. Wapo wauzaji wanaoanza kuhesabu upya namba zao kila mwaka, na wapo wenye matawi mawili, kila tawi na kitabu chake. INV-0412 inaweza kuwepo mara mbili kihalali. Tarehe na kiasi ndivyo vinavyotenganisha.

Tuje kwenye kumbukumbu ya muamala, maana hapa ndipo panapochanganya zaidi. Malipo mamoja yana namba tatu, na kila mmoja huiita yake "referensi".

Ya kwanza ni namba ya vocha yako, PV-1187. Inaishi kwenye vitabu vyako. Ya pili ni maneno uliyoyaandika kwenye sehemu ya maelezo wakati wa kutuma pesa kwenye mfumo wa benki. Ya tatu ni namba iliyozalishwa na benki baada ya muamala kukubaliwa. Muuzaji anaweza kuona moja, mbili au zote tatu kwenye stetimenti yake, kutegemea benki yake inaonyesha nini na pesa imepita njia ipi. Kwa kuwa hujui ataona ipi, mpe zote. Andika PV-1187 mwanzoni mwa sehemu ya maelezo, kabla ya neno lingine lolote, kwa sababu benki ikikata maandishi hukata mwishoni. "PV1187 INV0412 0427 0431 0440" itafika ikiwa na maana hata ikibaki nusu. "Malipo ya vipuri na matengenezo kwa mwezi Machi" ikikatwa inabaki "Malipo ya vipuri na mate", na hata isipokatwa haisaidii.

Namba ya benki hupatikana baada ya pesa kutoka. Linaonekana dogo, lakini limeharibu taarifa nyingi. Ofisi nyingi huchapisha taarifa wakati vocha inapoidhinishwa, kwa kuwa mfumo wa hesabu unairuhusu hapo. Wakati huo benki haijaguswa. Mwenye saini ya pili yuko safarini, au salio halitoshi, au muda wa benki wa kupokea maelekezo ya siku hiyo umepita. Muuzaji amepokea karatasi inayosema amelipwa tarehe 9, pesa inaingia tarehe 14, na kati ya hapo amepiga simu mara nne na kuanza kukuona mwongo. Utaratibu uliotufaa ni huu: taarifa haitoki mpaka hali ya muamala kwenye mfumo wa benki isomeke umekamilika, namba ya benki inakiliwa kutoka hapo, na tarehe inayoandikwa ni ya pesa kutoka. Tarehe ya vocha haimsaidii muuzaji lolote.

Neno "inakiliwa" nimelichagua kwa makusudi. Namba isichapwe kwa mkono. Kwenye FT26104K7Q2P herufi Q na tarakimu 0 na herufi O hupishana kwa macho, hasa mtu anaposoma kwenye picha ya karatasi. Kwa baadhi ya benki namba ya mtindo huu ina faida nyingine: baada ya FT hufuata tarakimu mbili za mwaka na tatu za siku ya mwaka. 26104 ni siku ya 104 ya mwaka 2026, yaani 14 Aprili. Namba na tarehe zikipishana, kimoja kati ya hivyo kimekosewa, na unaweza kulibaini hilo bila kumpigia mtu. Kwa malipo ya simu hali ni ile ile, namba ya muamala ikopiwe kutoka kwenye ujumbe wenyewe, na kiasi kiandikwe kile kilichomfikia mpokeaji, ada ya kutuma ikiwa pembeni.

Malipo ya mkupuo yana mtego wake. Unapolipa wauzaji thelathini kwa faili moja, akaunti yako inaweza kukatwa mara moja kwa jumla, na namba ya mkato huo ndiyo inayoonekana kwenye stetimenti yako. Karani anaichukua na kuiweka kwenye taarifa zote thelathini. Kwa wapokeaji namba hiyo haipo. Kila mstari wa faili una namba yake, ipo kwenye ripoti ya matokeo ya mkupuo, na ripoti hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha mistari iliyokataliwa kwa akaunti iliyokosewa. Ukituma taarifa thelathini bila kuifungua, wawili au watatu watapokea habari ya pesa ambayo benki imekurudishia.

Kwa muuzaji wa nje, tuseme wa Dubai au Guangzhou, nafasi ya maelezo ni finyu zaidi na ina sheria zake. Ujumbe wa zamani wa SWIFT, MT103, ulitoa mistari minne ya herufi 35, jumla 140. Tarehe 22 Novemba 2025 uliisha muda wa benki kutumiana ujumbe huo kwa malipo ya kimataifa, ukabaki ule wa ISO 20022, lakini maelezo ya mtindo huru bado ni herufi 140. Ankara kumi hazienei. Weka namba ya vocha na ankara chache za mwanzo, kisha taarifa kamili iende kwa barua pepe. Jihadhari pia na alama: kwenye seti ya herufi iliyozoeleka ya SWIFT hazimo #, &, @ wala _. Ankara iliyoandikwa 2211_A#3 ama itakataliwa ama itafika imebadilishwa. Iandike 2211-A-3, na kwenye taarifa uoneshe namba yake halisi.

Halafu yapo makato ya njiani. Ukichagua SHA kwenye sehemu ya gharama za kutuma, unalipa gharama za benki yako na mpokeaji anabeba zinazobaki, na benki za katikati zinaweza kukata kwenye pesa yenyewe. Umetuma dola 12,400, zimefika 12,375. Taarifa yako inasema 12,400 na benki yake inasema 12,375, na ankara inabaki na dola 25 zinazozeeka. Andika kwenye taarifa "imetumwa 12,400, gharama SHA", ili ajue tofauti ni ya benki na azifunge kama gharama, au akutake uongeze kama mkataba unasema alipwe kamili. Kwa mkataba wa namna hiyo ulipaswa kuchagua OUR, yaani gharama zote zibebwe na mtumaji, tangu mwanzo. Ongeza pia UETR, namba ndefu ya herufi 36 ikihesabiwa na vistari vyake. Pesa ikikwama kwenye benki ya katikati, hiyo ndiyo benki zote hufuatilia nayo.

Kuna jambo ambalo wauzaji wenyewe wanapaswa kulisikia bila kupambwa: taarifa ya malipo si pesa. Ni maneno ya mlipaji. Anayetoa mzigo kwa kuona karatasi yenye kichwa cha barua na namba inayoanza na FT anaweza kuwa ametoa bure, kwa sababu karatasi hiyo hutengenezwa kwa dakika tano kwenye kompyuta yoyote. Mzigo utoke pesa ikishaonekana kwenye akaunti yako, uliyoifungua wewe mwenyewe. Picha ya skrini haitoshi. Kwa upande wa mlipaji hatari huja kinyume: barua pepe inajibu taarifa yako, ina mnyororo wa mazungumzo ya zamani, inashukuru kwa malipo na kuomba yajayo yaende akaunti mpya. Aliyeiandika ameingia kwenye barua pepe ya mmoja wenu na amesoma kila kitu. Akaunti isibadilishwe kwa barua pepe. Mpigie muuzaji kwa namba iliyoko kwenye faili lake la usajili, ile ya siku zote, usipige iliyoko kwenye ujumbe huo. Ndiyo sababu pia kwenye mfano hapo juu akaunti imeandikwa tarakimu nne za mwisho tu. Zinamtosha mwenye akaunti kuitambua, na hazimpi mwingine kitu.

Taarifa iende kwa nani? Kwa anayegawa malipo kwenye leja. Mara nyingi inatumwa kwa ofisa mauzo kwa kuwa yeye ndiye mliyezoeana, naye anafurahi, anajibu "asante kaka", na karatasi inakufa kwenye simu yake. Omba anwani ya idara ya hesabu, ikiwezekana ya idara badala ya mtu, na ofisa mauzo umpe nakala. Kichwa cha barua kibebe vitu vinavyotafutika: jina la kampuni yako, 8,878,500, PV-1187, 14/04/2026. Mhasibu anapokaa na stetimenti ya benki mbele yake hutafuta kwa kiasi. Akiandika 8,878,500 kwenye kisanduku cha kutafutia, barua yako itokee.

Ikitokea umekosea, usitume nyingine juu ya ya kwanza bila maelezo. Taarifa mbili zenye PV-1187 na orodha tofauti ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana kila mtu wa upande wa pili atashika yake. Ya pili iandikwe juu kabisa "inachukua nafasi ya ile ya 14/04/2026" na mstari uliobadilika utajwe: INV-0431, zuio lilikuwa 70,800, sasa 60,000, tofauti ya 10,800 italipwa kwa PV-1203. Kisha subiri stetimenti ya muuzaji ya mwisho wa mwezi. Kwa malipo yetu inapaswa kuonyesha 442,500 kwenye INV-0440 na, mpaka cheti kifike, 60,000 kwenye INV-0431. Ikionyesha 797,500 kwenye INV-0440, pesa zote zimefika na taarifa haijasomwa. Itume tena, safari hii kwa mhasibu mwenyewe, ukiwa naye kwenye simu.